Usifunge bei peke yake

"Wakuu, kesho kutwa nakutana na mnunuzi wa vifungashio vyangu, mkataba wa mwaka mzima. Nimeshauriwa nimalize bei kwanza, mengine tutaongea baadaye. Nianzie juu kiasi gani? Niende na mwanasheria? Na makubaliano yaandikweje?"

Mkuu, usimalize bei kwanza. Huo ushauri ndio ulionikausha mimi, na aliyekupa hajui alichokupa.

Mimi nilifundishwa na mkufunzi wa mauzo niliyemlipa kwa jasho langu. Alituambia mezani kuna kitu kimoja tu, ukipata wewe kakosa yeye, kwa hiyo ficha kila kitu na ushinde jambo moja moja. Tofauti kati ya mapatano ya kugawana, yaani kila mmoja anavutia kwake, na mapatano ya kuunganisha maslahi, yaani mnatafuta kinachowafaa wote wawili, ilishaandikwa tangu 1965 na Walton na McKersie, waliokuwa wakichunguza mazungumzo ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Mkufunzi wangu akatuuzia nusu ya somo kama somo zima. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Sikiliza ilivyokuwa. Nitatumia hesabu nyepesi. Mnunuzi alitaka 94 kwa kipande, mimi nikasimama kwenye 104. Vikao vitatu tunavutana. Mwisho akaandika 100 kwenye karatasi, akaizungushia duara, tukapeana mikono. Kalamu bado iko mkononi mwake, akasema, "Malipo siku 90, ndio utaratibu wetu." Nilikuwa nimechoka, na bei nilishaipata. Nikakubali.

Sasa piga hesabu. Ili kununua malighafi nikisubiri hela yake, nilikuwa nakopa kwa asilimia 3 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 9 kwa kila 100. Kwa hiyo ile 100 niliyoishangilia, mkononi ilikuwa 91, chini hata ya 94 aliyoanza nayo. Kinachonichoma zaidi ni hiki: baadaye mhasibu wao aliniambia hela ilikuwepo tangu siku ya kwanza, imekaa benki inazalisha kama asilimia 1 kwa mwezi. Zile siku 90 zilimfaidia yeye 3 tu. Mimi zimenitafuna 9.

Tungekubaliana 95 anilipe nikishusha mzigo, mimi ningepata 4 zaidi ya ile 91. Na yeye angetoa 95 badala ya 97, maana 100 ukitoa faida yake ya benki ya 3 ni 97. Yaani kila kipande kilipoteza 6, hazikwenda kwake wala kwangu, zilikwenda kwa mkopeshaji. Hazikupotea kwa sababu mmoja wetu alikuwa mjanja kuliko mwenzake. Zilipotea kwa sababu siku ya kusubiri ilikuwa ghali kwangu na rahisi kwake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Tena nilitamani kupeleka mzigo kwa awamu, nikanyamaza asije akaitumia kunibana. Kumbe ghala lao dogo, nao walitaka awamu! Wakadhani mimi nataka kushusha wote kwa mkupuo, tukaandika mkupuo.

Kwa hiyo bei, siku za malipo, awamu na kiasi cha oda viwekwe mezani kwa pamoja, na kila unachokubali uwe umesema wazi kwamba ni cha muda mpaka vyote vikamilike. Halafu mpe vifurushi ambavyo kwako vina uzito sawa. Kwa hesabu zangu zile ningempa vitatu: 95 akilipa papo hapo, 98 kwa siku 30, au 101 kwa siku 60. Ukitoa riba ya mkopo, vyote vinanifikishia kama 95. Usimuulize kama anakubali. Muulize kipi kinamkaa vizuri zaidi. Akichagua cha papo hapo, ameshakuonyesha kwamba hela anayo na kinachomuuma ni bei. Akikimbilia siku 60, ujue ana shida ya mzunguko, na hapo muda wako una bei nzuri.

Lakini usichanganye mambo. Mwambie kipi ni kizito kwako na kipi chepesi, ila usimtajie bei yako ya mwisho. Zile 6 mkishaziokoa, bado lazima mzigawane, na hapo kuvutana kupo palepale. Na kama kweli kuna bei tupu, mnauziana mara moja na hamtaonana tena, basi vuteni tu, hakuna cha kuunganisha. Wewe una mkataba wa mwaka mzima.

Leo usiku chukua karatasi, andika siku moja ya kusubiri malipo inakugharimu kiasi gani kwa kipande. Uirushe hapa kabla hujaenda, tuvipange hivyo vifurushi pamoja.