Raporti ya mahitaji ya formasio: usianze kwa kuuliza watu wanataka kusoma nini

Swali: "Bosi ameniomba raporti ya mahitaji ya formasio kwa watu 38 wa depo yetu hapa Lubumbashi. Nimetayarisha fomu ya Google, kila mtu atachagua formasio anazotaka, nitahesabu kura na kupanga kipaumbele. Raporti iwe na kurasa ngapi, muundo gani ni mzuri, na bajeti inakaa wapi?"

Mdogo wangu, simamisha hiyo fomu. Kama bado hujaituma, usiitume leo. Nimesoma "nitahesabu kura" nikasikia tumbo linakatika, maana raporti ya namna hiyo niliiandika mwenyewe, ikapendeza, ikawa na grafiki za rangi, na ikala franga za mwaka mzima bila kumsaidia mtu yeyote.

Nilikuwa kwenye depo ya piesi na bidhaa za migodi, barabara ya Kasumbalesa. Kazi yetu: kupokea mali kutoka ng'ambo, kuipanga, kuipeleka kwa wateja. Bosi akaleta mwezeshaji mmoja wa kutufundisha namna ya kutafuta mahitaji ya formasio. Mtu wa suti, maneno matamu. Akatuambia: "Mahitaji ni ya wafanyakazi, basi waulizeni wafanyakazi." Akatugawia fomu yake, yenye orodha ya formasio ishirini na kitu za kuweka alama. Sisi tukaweka. Kiingereza kikashinda, komputa ya pili, uongozi wa tatu. Na nani alikuwa na formasio ya Kiingereza tayari kwenye begi? Yule yule. Orodha ya maswali ilikuwa ni orodha ya bei yake! Hata leo nikikutana naye mjini navuka upande wa pili wa barabara, si kwa woga, ni kwa ajili ya usalama wake.

Formasio ikafanyika. Watu wakajifunza "gudi moningi", picha zikapigwa, siretifika zikagawanywa. Miezi ikapita, bosi akaniita buro, akaweka mezani rundo la boni za mali zilizorudishwa na wateja. Akauliza swali moja tu: "Kiingereza kimepunguza ngapi kati ya hizi?" Mimi nikatazama grafiki zangu za rangi. Mucheke tu, hata mimi ningecheka kama si mimi niliyekuwa nimesimama pale.

Lile rundo la boni ndiyo raporti niliyopaswa kuandika tangu mwanzo. Nililichukua, nikaligawa kwa swali moja: kosa hili lilitokea mtu akiwa anafanya kazi gani? Si yupo idara gani, wala ana diploma gani. Anafanya nini kwa mikono yake saa ile. Zaidi ya nusu zikaangukia sehemu moja: kupokea piesi na kutia saini bordero.

Nikaenda kusimama pale wanapopokea. Kuna rulma, zile wengine wanaita beringi. Chukua 6205 na 6305. Tundu la ndani ni lile lile, milimita 25. Lakini upande wa nje moja ina 52, nyingine 62, na upana 15 kwa 17. Magazinie anapima tundu kwa macho, anaona linafanana, anatia saini. Piesi inakaa kwenye rafu na jina la dada yake. Wiki tatu baadaye inafika mgodini, fundi anajaribu kuiingiza kwenye pompa, haiingii, pompa imelala, simu inalia kwa bosi. Halafu kuna herufi za mwisho: 2RS ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, ZZ ina vya chuma, C3 ina nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida. Kuna waliokuwa wanaona herufi hizo ni mapambo ya kiwanda.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo raporti nyingi zinakufa mara ya pili. Usikimbie kuandika "magazinie hawajui kusoma namba za rulma, wapelekwe formasio". Niliweka rulma sita juu ya meza, mchana, na boni zake zilizochanganywa, nikamwomba kila mmoja azilinganishe. Walikuwa wanne. Wawili walizipata zote bila shida. Wale wawili wanajua kazi, lakini majina yao yalikuwa pia kwenye boni za makosa! Kumbe kamio zinaingia jioni, umeme umekatika, wanasoma namba iliyochorwa kwenye chuma kwa taa ya simu, na dereva anapiga honi atoke. Hao hata ukiwapeleka shule miaka miwili, gizani watakosea tu. Dawa yao ni taa ya kuchaji na amri kwamba kamio inayofika baada ya giza inafunguliwa asubuhi. Wawili waliobaki ndio hawakujua maana ya namba na herufi. Kwa hiyo pengo la ujuzi lilikuwa la watu wawili, kwenye kazi moja, na mwalimu alikuwa fundi wetu wa pale pale, kwa nusu siku, akiwa na kaliba ya kupimia na sanduku la rulma za zamani. Linganisha na alicholipwa yule bwana wa suti.

Ndiyo maana nakushindilia hii moja, na ukisahau mengine yote ushike hii: pasipo kazi, hapana mstari. Kila mstari wa raporti yako uanze na kazi ambayo mtu anaifanya, jina la formasio lije mwisho kabisa. Mstari wetu ulisomeka hivi: "Magazinie wa mapokezi hulinganisha namba iliyochorwa juu ya piesi na namba ya boni ya komande kabla ya kutia saini. Inavyotakiwa: namba yote mpaka herufi za mwisho, na vipimo vikipimwa kwa kaliba pale namba isiposomeka. Inavyofanyika: tundu linapimwa kwa macho, herufi hazisomwi. Ushahidi: boni za marudisho na jaribio la mezani. Sababu: wawili hawajui maana ya namba, wote wanne hawana taa wala kaliba. Formasio: wawili. Vifaa: wote." Bosi alisoma akaelewa bila mimi kufungua mdomo.

Ukitaka kujua mstari wako ni wa bure, uhamishe kichwani kwenye famasi au hoteli. "Wafanyakazi wanahitaji kuboresha mawasiliano" unahama bila shida yoyote, basi ufute. Ule wa rulma hauhami.

Usitegemee fishi ya kazi peke yake pia. Ya magazinie wetu iliandikwa na mtu ambaye pengine hakuwahi kuingia depo, na mstari wake mrefu kuliko yote ulikuwa "na kazi nyingine atakazopewa na wakubwa". Isome, halafu nenda ukaone, ndipo uandike ulichoona.

Na kwenye raporti usiandike majina ya watu, andika vyeo. Siku watu watakapojua kwamba boni za makosa zinatumika kuwakata mishahara, boni zitaanza kupotea, na ushahidi wako umekwisha.

Kipaumbele sasa. Kura haipangi kipaumbele. Mimi napima kila mstari kwa mambo matatu, kila moja kuanzia 1 hadi 3: kosa likitokea hasara ni kubwa kiasi gani, kazi inafanyika mara ngapi, na pengo lenyewe ni pana kiasi gani. Nazidisha. Kusoma namba za rulma: hasara 3, kila siku kwa hiyo 3, pengo 2 kwa sababu nusu wanajua. Inatoka 18. Kiingereza, kile mshindi wetu wa uchaguzi: nilitafuta nani anakihitaji kwa kazi yake, nikampata mmoja, sekretere anayewaandikia wauzaji wa Afrika Kusini mara chache kwa mwezi. Hasara 2, mara 1, pengo 2. Inatoka 4. Hakikufutwa, kiliwekwa mahali pake: mtu mmoja, foleni ya nyuma. Watu wengine walinuna. Kupenda Kiingereza si kosa, hata mimi nakipenda, lakini bosi aliomba mahitaji ya kazi.

Hesabu hiyo ina tundu, na usiliache wazi. Tulikuwa na chokaa hai kwenye mifuko, ile ya migodi. Ikikutana na maji inachemka kwa joto kali, na ikiingia jichoni inaweza kumpofusha mtu. Kazi ya kusafisha mfuko uliopasuka: hasara 3, pengo 3 maana kuna kijana niliyemkuta ameshika ndoo ya maji tayari kuosha sakafu, lakini inatokea mara chache, 1. Inatoka 9. Kwa hesabu tu, ikaanguka chini ya komputa iliyokuwa na 12! Jedwali linakuambia mtu ajifunze kupanga stoki kwenye Excel kwanza, akipofuka tutaona. Kwa hiyo kazi yoyote ambayo kosa lake linaua au linalemaza mtu, iondoe kwenye hesabu, iweke juu peke yake, na uandike kwamba haishindani na nyingine. Sisi tuliifanya kabla ya mvua za Novemba.

Kabla bosi hajamlipa mwezeshaji wa suti, mkumbushe kwamba kampuni yenu kila mwezi inatoa mchango INPP, ile taasisi ya serikali ya kufundisha watu kazi, na kwa shirika lisilozidi watu 50 ni 3% ya mishahara. Wapo hapa mjini. Nenda kwao na mistari yako mkononi, waulize ni ipi wanaweza kuifundisha. Ukienda na "komputa na uongozi", watakupa komputa na uongozi.

Na hiyo fomu yako, usiitupe. Futa orodha yote ya formasio, acha swali moja: "Wiki iliyopita, ni kazi gani ulilazimika kuirudia, na kwa nini?" Wale wasiopenda kuandika, waulize kwa mdomo wakati wa kushusha kamio, na daftari liwe mfukoni mpaka wamalize kusema.