Maswali na majibu: Modeli imejifunza au imekariri?

Modeli yangu ya kutambua vidonda hatari vya ngozi imepata 99% kwenye data ya mafunzo na 97% kwenye data ya majaribio. Siku ya kuutetea mradi wangu chuoni, jopo likiniuliza kama imekariri, niseme pengo ni dogo?

Sema hivyo na mwalimu mmoja atakuuliza ulivyogawa picha. Hapo ndipo wengi hukwama.

Tuseme una picha 2,000 za wagonjwa 400, kila mmoja picha tano, nawe ukazichanganya na kutenga 20% za majaribio. Chukua picha yoyote iliyoangukia upande wa majaribio. Ili mgonjwa wake awe mgeni kabisa kwa modeli, picha zake nne zilizobaki lazima nazo ziwe zimeangukia huko huko. Uwezekano wake ni takriban 0.2 × 0.2 × 0.2 × 0.2, yaani chini ya mara mbili katika kila 1,000. Kwa maneno mengine, karibu kila picha ya mtihani ina ndugu yake kwenye mafunzo: ngozi ile ile, mwanga ule ule, pengine hata kamera ile ile. Modeli inaweza kumtambua mgonjwa bila kuujua ugonjwa, na pengo lako likabaki dogo vilevile, kwa sababu pande zote mbili zinapima kukariri.

Dawa yake ni kugawa kwa mgonjwa, si kwa picha:

```python
from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit
g = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.2, random_state=7)
train, test = next(g.split(X, y, groups=mgonjwa))
assert not set(mgonjwa[train]) & set(mgonjwa[test])
```

Mstari wa mwisho unagoma iwapo kuna mgonjwa aliyeonekana pande zote mbili. Kisha fundisha upya tangu mwanzo. Ukitoka 97% ukashukia 85%, weka namba zote mbili kwenye slaidi na ueleze tofauti imetoka wapi. Binafsi ningeipa slaidi hiyo alama nyingi kuliko ile ya 97% peke yake.

Nilijaribu mipangilio kama thelathini, nikachagua iliyofanya vizuri zaidi kwenye data ya majaribio. Kuna ubaya?

Upo. Modeli inayopatia 90% kwa kweli, ikipimwa kwa picha 400 tu, inaweza kusoma 88 au 92 kwa bahati. Ukichagua ya juu kati ya thelathini, unachagua ubora pamoja na bahati, halafu unaripoti vyote viwili kama ubora. Data hiyo sasa ni ya kuchagulia, si ya majaribio tena. Tenga mafungu matatu: la kufundishia, la kuchagulia na la mtihani, hili la mwisho lifunguliwe mara moja baada ya maamuzi yote kwisha. Kama umeshalitumia, tafuta wagonjwa wapya. Ukiwakosa, liambie jopo wazi kwamba namba yako huenda iko juu kuliko ubora halisi.

Picha za vidonda hatari zilikuwa chache, nikaziongezea nakala kabla ya kugawa. Je?

Gawa kwanza, ongeza nakala baadaye, tena upande wa mafunzo tu. Ulivyofanya, nakala na asili yake zimetawanyika pande zote mbili.

Usahihi wa jumla ni 94%. Msimamizi anataka matokeo kwa kila rangi ya ngozi, lakini wenye ngozi nyeusi na kidonda hatari ni 20 tu kwenye majaribio. Inatosha?

Hiyo 94% yenyewe ina shaka. Kama vidonda hatari ni sita katika kila 100, programu inayosema "salama" kwa kila mtu nayo inapata 94%. Onyesha badala yake, kwa kila kundi, modeli imewanasa wangapi kati ya wagonjwa wa kweli.

Ikiwanasa 16 kati ya hao 20, ni 80%, lakini kwa sampuli hiyo thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 58% na 92%. Andika masafa hayo kando ya namba. Usitamke kwamba modeli inatenda haki, wala kwamba haitendi. Sema ushahidi hautoshi na kundi hilo linahitaji wagonjwa zaidi. Kuliacha nje ya jedwali ndilo kosa kubwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi 0.8%, kwa wanawake weusi yalifika 34.7%. Wastani mmoja ungelifunika pengo hilo.

Nikiifuta safu ya jinsia, si modeli haitabagua tena?

Hapana. Safu nyingine, kama kazi au urefu, huibeba jinsia kichinichini. Usiipe modeli ukitaka, ila ibaki kwenye faili la majaribio, maana bila hiyo huwezi kupima makosa ya kila kundi.