Maswali na Majibu: Kumshukuru Mfadhili kwa Barua Pepe

"Nimeanza hivi: 'Kwa furaha isiyo kifani na mioyo iliyojaa shukrani tele…' Inafaa?" Katibu wa kikundi, Jinja

Haifai. Anza na "Asante kwa" na utaje kitu chenyewe.

"Shule ilipewa pesa za tangi la maji. Nimeandika kwamba msaada umebadilisha maisha ya wanafunzi. Mwenzangu anasema haitoshi. Niongeze nini?" Mwalimu, Arua

Mwenzako amesema kweli. Sentensi hiyo hata mtu asiyewahi kukanyaga shuleni kwenu angeiandika. Mfadhili anajua alichotuma. Asichojua ni kilichofuata. Kabla ya kuandika, weka mezani risiti na daftari la mahudhurio, kisha uandike kama hivi:

"Asante kwa shilingi milioni 7 mlizotutumia Februari. Tulinunua tangi la lita 10,000, mifereji ya paa la bweni la wasichana na saruji ya msingi. Tangi limepata maji tangu mvua za Aprili. Zamani wasichana wa zamu walikwenda kisimani alfajiri, wakakosa kipindi cha kwanza. Muhula huu, katika daftari la Senior Two, hakuna aliyechelewa kwa sababu ya maji. Kiangazi cha Desemba hadi Machi tangi halitatosha, na kisima bado tutakihitaji."

Sentensi ya mwisho wengi huifuta kwa aibu. Iache. Mfadhili akiona umetaja upungufu, ataamini na hayo mazuri. Wala usimwandikie kwamba matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB yamepanda kwa sababu ya tangi. Kama mwaka huohuo mlipata mwalimu mpya wa hesabu, utatenganishaje? Sema kile ambacho daftari linaweza kukithibitisha, uishie hapo.

"Naweza kuomba tangi la pili humo humo?" Mweka hazina, Mbale

Hapana. Ombi likiingia, shukrani yote itasomeka kama utangulizi wa ombi. Andika barua nyingine, siku nyingine, yenye bajeti yake.

"Niweke picha ya mtoto anayenywa maji, na jina lake?" Mwalimu, Gulu

Jina la nini? Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Hata ridhaa ikipatikana, mtoto huyo atakua, na picha itabaki kwenye simu za watu asiowajua. Piga picha ya tangi, mfereji na bomba lake.

"Nitume lini?" Wengi

Mnaliuliza kila mara, na wengi huuliza baada ya miezi kupita kimya. Pesa zikiingia, siku hiyohiyo tuma mistari miwili kwamba zimefika na ni kiasi gani. Barua ya matokeo itafuata muhula ukiisha, yenye kichwa kinachojieleza: "Asante: tangi la bweni la wasichana". Iwekwe sahihi na mtu mmoja, jina na cheo, ambaye mfadhili akijibu kwa swali atalijibu mwenyewe.