Bilioni 2 bila nyaraka: zimeibwa?

Swali: Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inasema taasisi moja ililipa bilioni 2 bila nyaraka za kutosha, na milioni 80 kwa mkandarasi kwa kazi ambayo haikufanyika. Kila mtu anazungumzia hizo bilioni. Zimeibwa? Na mbona taasisi ina hati safi?

Jibu: Kwa sentensi hiyo peke yake, huwezi kusema zimeibwa. Mkaguzi alifungua hati za malipo akakosa viambatisho: ankara, stakabadhi, au orodha ya waliosaini kupokea posho. Anachosema ni kwamba hana ushahidi wa fedha zilikokwenda. Mara nyingi sehemu ya nyaraka huja kupatikana na hoja ikafungwa. Kwa hiyo shuka hadi kwenye majibu ya menejimenti, na hasa maoni ya mkaguzi juu ya majibu hayo. Menejimenti ikidai nyaraka zipo, naye akaandika kwamba aliziomba na hakuletewa, hapo pana jambo. Pana jambo zaidi kama hoja ileile ilikuwamo katika ripoti zilizopita na bado imeandikwa “haijatekelezwa”.

Mimi ningeanza na milioni 80. Hapa mkaguzi ametoka ofisini. Tuseme mkataba ulikuwa wa mtaro wa mita 1,200 kwa 200,000 kila mita, na cheti cha malipo kinaonyesha zote zimejengwa. Yeye amefika na futi yake, akapata mita 800. Zile 400 zilizolipwa bila kujengwa ndizo milioni 80. Ili fedha hizo zitoke, msimamizi wa mradi alithibitisha vipimo, mhasibu akaandaa malipo, afisa masuuli akaidhinisha. Sahihi zote zipo, faili limekamilika, ila mtaro haupo. Hoja kama hii haifungwi kwa kuleta karatasi iliyosahaulika kabatini: ama kazi imaliziwe, ama fedha zirudishwe, na waliosaini waeleze walipima nini.

Kuhusu hati safi: hati inatolewa juu ya taarifa za fedha, kwamba hazina makosa makubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Mkaguzi hujiwekea kiwango cha ukubwa huo, ambacho mara nyingi huwa kati ya asilimia 0.5 na 2 ya matumizi yote. Taasisi inayotumia bilioni 300, kwa asilimia 1, kiwango chake ni bilioni 3. Hoja zako zote mbili, hata ukizijumlisha, haziifikii. Hati safi na wizi vinaweza kukaa katika kitabu kimoja bila kugombana.

Jambo moja huwa linarukwa: sampuli. Mkaguzi hatembelei kila mradi. Kama mtaro huo ni mmoja kati ya miradi 5 aliyoikagua, na taasisi ina miradi 60, basi milioni 80 ni hasara ya ile aliyoifikia tu. Idadi hiyo hutajwa kwenye maelezo ya wigo wa ukaguzi, kurasa za mwanzo.