Maswali na Majibu: Mkataba umenyamaza, likizo naiombaje?

“Mkataba wangu wa miezi sita, hoteli ya Paje, haukutaja likizo popote. Meneja anasema kisichoandikwa hakipo. Nataka siku kumi niende kwetu Micheweni. Nianzie wapi?”

Meneja amekosea. Mkataba ukinyamaza, Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inaendelea kusema, na mkataba hauwezi kumpa mfanyakazi chini ya kiwango cha sheria. Lakini usimwendee na sheria mkononi siku ya kwanza. Nenda ofisi ya utumishi uulize wafanyakazi wa kudumu wa hapo wanapata siku ngapi kwa mwaka, na kama zinahesabiwa za kalenda au za kazi tu. Tuseme jibu ni siku 28 za kalenda: miezi sita ni nusu mwaka, basi omba uhesabiwe kwa uwiano, siku 14. Ikiwa bado hujamaliza miezi yako, omba kwa ile uliyokwisha kuifanyia kazi. Kwa mitano ni siku 11 na zaidi, na kumi zako zimo.

Kisha andika barua. Iwe na tarehe ya kuondoka, tarehe ya kuripoti tena kazini, idadi ya siku, na jina la mwenzako aliyekubali kushika zamu zako. Andika waziwazi kwamba unaomba likizo ya malipo. Ukiandika “naomba ruhusa” tu, mhasibu ana haki ya kuuliza kama ni ya malipo au la, na mara nyingi hujijibu mwenyewe kwa kukukata. Toa nakala mbili, na yako isainiwe na aliyepokea, kwa jina na tarehe. Akikataa kusaini, piga picha barua uitume kwa namba ya kazi ya meneja siku hiyo hiyo.

Nasisitiza maandishi kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Msimamizi wa zamu anasema “nenda tu, hakuna shida”, ratiba mpya inabandikwa ukutani na jina lako limo, hukutokea, unaandikwa mtoro. Ukirudi, msimamizi yule yule hakumbuki kitu. Usipande boti bila jibu la maandishi.

“Mkataba wa miezi sita umeisha, sikwenda likizo hata siku moja. Mshahara wangu ni 390,000. Nidai ngapi?”

Kwa mfano wa hapo juu, siku 14 za kalenda zina mapumziko mawili ya wiki ndani yake, kwa hiyo ni siku 12 za kazi. Ukihesabu kwa kalenda, gawa mshahara kwa 30, upate 13,000 kwa siku, uzidishe kwa 14: ni 182,000. Ukihesabu kwa siku za kazi, gawa kwa 26, upate 15,000, uzidishe kwa 12: ni 180,000. Njia zote mbili zinakaribiana. Angalia karatasi ya malipo: ukikuta siku 12 zimezidishwa kwa 13,000, umepewa 156,000, na hesabu mbili zimechanganywa kwa hasara yako. Rekebisha hilo kabla ya kusaini karatasi ya kwamba huna madai. Baada ya kusaini, kazi ya kudai inakuwa ngumu mno.

“Nimesoma sheria inatoa siku 28. Si inatuhusu na sisi?”

Hiyo ni sheria ya Bara, ya 2004. Swali hili linakuja kila wiki. Kazi si jambo la Muungano. Someni sheria ya huku kabla ya kuitaja mbele ya mwajiri.

“Nimesaini mikataba mitatu ya miezi mitatu mfululizo, na kila mara naambiwa mimi mgeni, sina likizo.”

Weka mikataba yote mitatu pamoja. Kama hapakuwa na pengo kati yao, au pengo ni la siku chache za karatasi tu huku ukiendelea kuja kazini, dai miezi tisa. Daftari la mahudhurio na malipo ya benki ndiyo yatakayokusemea. Waajiri wanaokata mkataba vipande ili likizo isikomae wanajua wanachokifanya, na wakinyamaziwa wataendelea. Barua yako isipojibiwa, peleka nakala Kamisheni ya Kazi, Unguja au Pemba. Mgogoro ukishindikana hapo, kipo Kitengo cha Usuluhishi wa Migogoro ya Kazi. Usisubiri miezi.

“Nachuma karafuu Wete kwa pishi. Nina msiba, naombaje siku tatu?”

Pole sana. Anayelipwa kwa pishi kwa kawaida halipwi siku asiyochuma, kwa hiyo linda hesabu yako. Kabla ya kuondoka, pishi ulizokwisha kupima ziandikwe kwenye daftari la mwenye shamba mbele yako, nawe uandike lako. Mkubaliane pia kama mikarafuu uliyoianza inakusubiri au anapewa mwingine.

“Nikiumwa, siku zinakatwa kwenye likizo?”

Hapana, ugonjwa si likizo. Pata ED, karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, siku ile ile na uitume kazini kabla zamu yako haijaanza.