Thunderbird: kichwa cha barua kipo, ndani kweupe

"Wakuu, kwenye Thunderbird orodha inaonyesha kichwa na jina la aliyetuma, lakini nikifungua ndani ni kweupe. Barua nyingine zinafunguka vizuri. Nifanyeje?"

Mkuu, kabla hujagusa mpangilio wowote, chagua barua hiyo kisha bonyeza Ctrl+U. Dirisha litakalofunguka linaonyesha barua ghafi kama ilivyopokelewa, nalo ndilo litakalokuambia tatizo liko upande gani. Orodha husoma kichwa kutoka faili la faharasa lenye mwisho wa `.msf`, ilhali maandishi yenyewe yamehifadhiwa kwingine. Ndiyo maana kimoja kinaweza kuonekana na kingine kisionekane.

Kwa kuwa barua nyingine zinafunguka, kuna uwezekano mkubwa ukakuta kitu kama hiki:

```
Content-Type: multipart/alternative; boundary="b1"

--b1
Content-Type: text/plain; charset="utf-8"


--b1
Content-Type: text/html; charset="utf-8"

<p>Ankara yako ya mwezi huu...</p>
--b1--
```

Barua ya namna hii hubeba matoleo mawili ya ujumbe mmoja: maandishi matupu na HTML. Hapa mfumo uliotuma umeacha toleo la kwanza bila neno hata moja. Ikiwa Thunderbird yako imewekwa kwenye Plain Text, inachukua toleo hilo na kukuonyesha kilichomo, yaani hakuna kitu. Programu haijaharibika, imetii ulichoiagiza.

Bonyeza Alt ili menyu itokee, nenda View, kisha Message Body As, uchague Simple HTML. Ankara itaonekana papo hapo. Napendelea hiyo kuliko Original HTML kwa sababu inaondoa mapambo mengi ya mtumaji na kubakiza maandishi. Ila jedwali likivurugika, weka Original HTML.

Kama tayari uko kwenye HTML na bado ni kweupe, bofya ndani ya barua kisha Ctrl+A. Maandishi yakijitokeza yakiwa yamepakwa rangi ya uteuzi, basi mtumaji ameandika kwa rangi inayofanana na mandharinyuma yako. Hutokea sana ukitumia mandhari meusi. Na kama kwenye barua ghafi unaona `<img src="https://...` tu bila maneno, barua nzima ni picha iliyozuiwa. Iruhusu kwa kitufe cha juu ya barua ikiwa unamwamini mtumaji, maana kuipakua kunaweza kumjulisha kwamba umeifungua.

Ctrl+U nayo ikitoa kweupe, HTML haihusiki. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, halafu Repair Folder, ili faharasa ijengwe upya. Kwa IMAP, barua zitashushwa tena kutoka seva, kwa hiyo uwe na mtandao. Kwa POP, nakala pekee inaweza kuwa hiyo iliyo kwenye kompyuta yako: funga Thunderbird, nakili folda yote ya wasifu wako mahali pengine, ndipo urekebishe.