Picha ya kitenge imepotea, fundi anasubiri: mweleze hivi

Mama yangu yuko Pangani na simu yake ni kitochi. Kitenge alichoninunulia nilikiona kwenye picha aliyopigiwa na jirani, na simu yangu ilipozimika moja kwa moja, picha ikaenda nayo. Jirani naye kasafiri. Mzigo ungefika Tanga baada ya siku nne, na fundi wangu wa Ngamiani, ambaye mwezi wa harusi hana nafasi hata ya kupumua, alitaka tukubaliane mshono mapema ili anipangie siku.

Nikamwambia, "Fundi, ni kitenge cha njano chenye ndege." Akaanza kunichorea gauni lenye marinda mengi kiunoni. Kisha akasita, akanyoosha kiganja. "Hapa wanakaa ndege wangapi?"

Sikujua. Neno "kubwa" halimsaidii fundi, maana kubwa yangu si kubwa yake. Nikampigia mama palepale, nikamwomba akitandaze kitandani na apime kwa mkono. Kila ndege yuko ndani ya duara la shibiri moja, kama inchi 9 hivi. Kutoka kichwa cha ndege mmoja hadi kichwa cha anayefuata chini yake ni shibiri moja na vidole vinne vya kulala, tuseme inchi 12. Fundi akaufuta mchoro wa marinda. Ndege wa shibiri moja akiingia kwenye marinda, kinachoonekana ni bawa hapa, mdomo pale.

Swali lililofuata ndilo ambalo wengi hatulifikirii: ndege wote wanatazama juu, au wengine wamepinduka? Mama akasema wote vichwa juu. Basi kitambaa hicho kina juu na chini, na fundi hawezi kugeuza kipande kimoja miguu juu ili kibane nafasi. Akapiga hesabu kwa chaki kwenye meza. Yadi 4 ni inchi 144. Gauni langu refu ni inchi 56, mbele na nyuma ni 112. Ili ndege wa mbele na wa nyuma walingane mabegani, akatenga inchi 12 za kupotea, yaani umbali ule ule wa ndege hadi ndege. Zikabaki 20, na kwa upana wa inchi kama 45 mikono miwili mifupi inakaa ubavu kwa ubavu. Sketi ya kumwagika niliyokuwa naiota ikafia hapo. Tukakubaliana gauni la kunyooka, lisilo na mshono katikati ya kifua, ndege mmoja akae mzima pale mbele.

Sasa rangi. Hapa ndipo kumbukumbu yangu ilinidanganya. Mimi nilikumbuka njano kwa sababu ndiyo iliyong'aa, lakini mama alipoulizwa "ukifunika ndege wote, kinabaki rangi gani?" akajibu bila kufikiri: damu ya mzee. Njano ilikuwa mabawani tu. Kwa hiyo anza na rangi ya chini, halafu ya picha, halafu ile ya mistari midogo, na kila moja uifananishe na kitu ambacho fundi anakijua. Njano ya ndizi mbivu si njano ya binzari. Nilisahau pia kuuliza kama kuna pindo, fundi akanikumbusha. Pindo la upande mmoja linaweza kugeuzwa kuwa urembo wa chini ya gauni, lakini hapo kitambaa hulazwa ubavu na hesabu yote hubadilika. Changu hakikuwa nalo.

Kama aliye na kitambaa anajua kusoma, mwombe akusomee pia maandishi ya ukingoni. Vitenge vingi huandikwa jina la kiwanda pale, na vingine namba ya toleo. Ukiipeleka dukani unaweza kubahatika kukuta ndugu yake rafuni, hata kama ni wa rangi nyingine, na fundi akaona picha yenyewe.

Kwa maelezo ya mdomo unaweza kuamua mshono na kujua kama yadi zinatosha. Uzi, zipu na bitana visubiri kitambaa kifike. Fundi alinionya, mimi kwa haraka zangu nikanunua zipu ya damu ya mzee kwa kuikisia. Jumatano mzigo ukashuka stendi, nikaufungulia pale pale kibandani kwake. Ndege walikuwa vile vile, vichwa juu, shibiri kamili. Akaichukua zipu yangu, akailaza juu ya kitambaa. Ilikuwa nyekundu ya nyanya. Akanirudishia bila neno, akavuta droo yake na kutoa nyingine.